Swali la 3: funguo za RSA kwa p = 7 na q = 13, hatua zote

Jamani, mlionidaka jana baada ya kipindi, swali la 3 lote hili hapa. Nimeliandika kirefu makusudi kwa sababu kuna kitu humo ndani kilitukalisha maktaba karibu saa nzima tukidhani tumekosea, kumbe hatujakosea.

Swali kwa kifupi: umepewa p = 7, q = 13. Tafuta n na φ(n), chagua e iliyo ndogo kuliko zote zinazofaa, tafuta d kwa njia ya Euklidi iliyopanuliwa, funga ujumbe m = 10 halafu uufungue. Mwisho "toa maoni kuhusu funguo ulizopata". Hicho cha mwisho kina alama 6 kati ya 20, kwa hiyo ukiandika tu "namba ni ndogo" ukaondoka umeziacha mezani.

n ni rahisi, 7 × 13 = 91.

φ(n) fomula yake mnayo, (p−1)(q−1) = 6 × 12 = 72. Ila wengi tunaimeza bila kujua inatoka wapi. Chukua namba 1 mpaka 91, toa zinazogawanyika kwa 7 (zipo 13), toa zinazogawanyika kwa 13 (zipo 7), sasa 91 yenyewe umeitoa mara mbili kwa hiyo irudishe mara moja: 91 − 13 − 7 + 1 = 72. Basi, ni hesabu ya namba zisizo na kigawo cha pamoja na 91, hakuna uchawi.

Kuchagua e. Inatakiwa KKS ya e na 72 iwe 1, KKS ileile ya shule ya msingi. 2 haifai, 3 haifai maana 72 ni 3 × 24, 4 haifai, 5 inafaa. e = 5.

Hapa nimeona daftari za watu zimeandikwa "3 haifai kwa sababu sheria inakataa", mwandikie sababu bwana. Jaribu e = 3 uone kinachotokea: 1³ = 1. Halafu 9³ = 729, na 729 ni 8 × 91 + 1, baki 1. Halafu 16³ = 4096, ambayo ni 45 × 91 + 1, baki 1 tena. Yaani ujumbe 1, ujumbe 9 na ujumbe 16 zote ukizifunga zinatoka 1, sasa anayepokea hiyo 1 atajuaje ulimtumia ipi? Hawezi, hata awe na kompyuta ya aina gani, kwa sababu taarifa yenyewe imeshapotea. Ndiyo maana kwa e = 3 hakuna d inayopatikana.

Sasa d. Tunataka 5 × d ikigawanywa kwa 72 ibaki 1. Euklidi kushuka:

```
72 = 14·5 + 2
 5 =  2·2 + 1
```

Tumefika 1, sasa tunapanda kurudi juu:

```
1 = 5 − 2·2
  = 5 − 2·(72 − 14·5)
  = 29·5 − 2·72
```

Kile kinachozidisha 5 ni 29, kwa hiyo d = 29. Hakiki: 5 × 29 = 145 = 2 × 72 + 1, sawa. Kwenye mstari wa mwisho ndipo watu wanapoangukia, −2 × −14 ni +28, ongeza ile 5 moja iliyokuwepo mwanzo unapata 29, mimi mara ya kwanza niliandika 27 na nikaanza kulaumu swali. Na kwa namba nyingine d inaweza kutoka hasi, ikitokea hivyo ongezea φ(n) mpaka iwe chanya, usiiache na alama ya kutoa.

Mwenye laptopu anaweza kujihakiki hivi, inahitaji Paithoni 3.8 kwenda juu:

```python
pow(5, -1, 72)   # 29
```

Ila kwenye karatasi andika hatua, swali limetaja Euklidi kwa jina.

Ufunguo wa wazi ni (5, 91), wa siri ni (29, 91).

Kufunga 10 (ni J ukihesabu A = 1). Usikimbilie kukokotoa laki nzima, punguza kila hatua: 10² = 100, baki 9. 10⁴ ni 9² = 81. 10⁵ ni 81 × 10 = 810, toa 728 (8 × 91), baki 82. Kwa hiyo c = 82.

Kufungua ni 82²⁹ mod 91. Ukiingiza 82²⁹ kwenye kalkuleta inakuletea 3.16 na ushee mara kumi kwa kipeo cha 55, imeshakata tarakimu za mwisho na baki ndiyo inayokaa huko, kwa hiyo imekwisha hiyo. Tumia kupandisha vipeo viwili viwili, 29 = 16 + 8 + 4 + 1:

```
82^1  = 82
82^2  = 81    (82 ni −9, na 9·9 = 81)
82^4  = 9     (81 ni −10, 100 − 91)
82^8  = 81
82^16 = 9
```

Zidisha: 9 × 81 = 729, baki 1. Mara 9 ni 9. Mara 82 ni 738, toa 728, baki 10. Ujumbe umerudi. Huo ujanja wa kuiona 82 kama −9 unaokoa muda sana kwenye chumba cha mtihani, ushike.

Mpaka hapo alama 14 unazo mfukoni. Sasa kilichotukalisha maktaba.

Jamaa niliyekaa naye alipofika kwenye kufungua alipitiwa, badala ya kipeo 29 akatumia 5. Yaani alichukua 82 akaipandisha kwa 5 ileile ya wazi: 82⁴ = 9, mara 82 ni 738, baki 10. Nikamwambia kaka umekosea, hiyo ni ya kufungia. Akaniuliza, sasa mbona 10 imetoka? Nikasema bahati. Tukajaribu ujumbe 2: 2⁵ = 32, halafu 32⁵, 32² baki 23, 23² baki 74, 74 × 32 = 2368, baki 2. Imerudi. Tukajaribu 3: 3⁵ = 243, baki 61, na 61⁵ baki 3. Hapo mzaha ukaisha, tukafuta ubao tukaanza upya.

Sababu hii hapa. Kwa nadharia ndogo ya Fama, namba yoyote isiyogawanyika kwa 7 ukiipandisha kwa 6 inabaki 1 ukigawa kwa 7, na isiyogawanyika kwa 13 ukiipandisha kwa 12 inabaki 1 ukigawa kwa 13. Mzunguko mmoja ni wa 6, mwingine wa 12, zinakutana kwenye KDS ya 6 na 12 ambayo ni 12. Siyo 72! Ile 72 inafanya kazi kwa sababu ni kigawe cha 12, lakini vipeo vyenyewe vinajirudia kila baada ya 12. Sasa gawa 29 kwa 12: baki 5. Yaani ufunguo wetu wa siri na wa wazi ni kitu kimoja kimevaa nguo tofauti. Kila mtu uliyempa ufunguo wa wazi anafungua barua zako bila hata kuhangaika kuivunja 91.

Nikasema basi tungechagua e nyingine. Wapi. e inayokubalika ukiigawa kwa 12 lazima ibaki 1, 5, 7 au 11, hakuna nyingine. Zizidishe zenyewe kwa zenyewe: 1, 25, 49, 121. Zote zinabaki 1 kwa 12. Kwa hiyo kwa p = 7 na q = 13 hakuna e ya kukuokoa, kila moja inajifungua yenyewe. Na ukijifanya mjanja ukachukua e = 25, ambayo KKS yake na 72 ni 1 kabisa, 25 inabaki 1 kwa 12 na ujumbe haubadiliki, unatuma 10 inatoka 10. Umefunga mlango ukaacha ukuta hakuna.

Kwa kulinganisha nikafanya p = 11, q = 23, hii unaweza kuiweka kwenye maoni. n = 253, φ = 220, KDS ya 10 na 22 ni 110. e = 3 inafaa, d = 147 ukitumia 220 au 37 ukitumia 110, zote mbili zinafungua. Ujumbe 10 unakuwa 1000, baki 241. Ukijaribu kufungua kwa 3 ya wazi, 241 ni −12, mchemraba wake ni −1728, baki 43. Siyo 10. Hapo sasa ufunguo wa siri una maana.

Rivest, Shamir na Adleman kwenye makala yao ya 1978 walitumia φ(n), na mfano wao mdogo ulikuwa p = 47, q = 59, n = 2773. Hiyo ya KDS ndiyo inayotumika kwenye viwango vya siku hizi, wanaiandika λ(n). Kwa hiyo ukikuta programu imekupa d ndogo kuliko uliyoipata kwa mkono, usifute kazi yako, gawa yako kwa λ uone kama baki inalingana.

Na ndiyo, bado sema kwamba 91 mtoto wa darasa la nne anaivunja, lakini ipe sentensi moja. Taja kwamba n ya biti 829 (RSA-250) ilivunjwa 2020 na ndiyo maana leo watu wanaanzia biti 2048, e ikiwa 65537 kwa kawaida. Alama zilizobaki ziende kwenye ile 5 × 5 = 25 = 2 × 12 + 1.

Badilisheni maneno tafadhali, tukipeleka karatasi kumi zenye "nguo tofauti" tutaitwa wote ofisini. Swali la 4 sijaligusa, aliyenalo alete kabla ya Ijumaa.