Sura ya Pili, Mapitio ya Machapisho: Mtindo wa Uongozi na Kujituma kwa Wauguzi (Mpangilio wa Kuwasilisha kwa Msimamizi)

Hoja inayobeba sura: tunajua kwamba uongozi mzuri na kujituma huonekana pamoja; kipi huzaa kingine bado hakijathibitishwa vya kutosha.

2.1 Utangulizi
Aya moja, ya mipaka. Utafiti unahusu hospitali za umma za wilaya mkoani Tanga. Kiongozi anayechunguzwa ni muuguzi kiongozi wa wodi, si Mganga Mfawidhi, kwa sababu ndiye anayepanga zamu, anayesikiliza udhuru na anayeketi na muuguzi aliyekosea dozi.

2.2 Dhana kuu
Mitindo ya uongozi: kutoka Lewin na wenzake (1939) na makundi yao ya kiimla, kidemokrasia na ya kuachia watu wajiendee, hadi Burns (1978) na Bass (1985) kuhusu uongozi wa mageuzi na ule wa nipe nikupe. Nitapita haraka hapa.
Kujituma: nianze na Kahn (1990) na masharti yake matatu, yaani kazi yenye maana, usalama wa kuwa wewe mwenyewe, na nguvu za kutosha. Kisha Schaufeli na wenzake (2002): ari, kujitoa na kuzama kazini. Nitatenganisha dhana hii na kuridhika na kazi, maana tasnifu nyingi nilizosoma huzichanganya.

2.3 Nadharia
Nadharia ya madai na rasilimali za kazi (Demerouti na wenzake, 2001) ndiyo mhimili: kiongozi ni rasilimali, na pia ndiye anayegawa rasilimali nyingine. Nadharia ya mabadilishano ya kijamii (Blau, 1964) itasaidia kueleza kwa nini anayetendewa haki hulipa kwa juhudi.

2.4 Ushahidi na udhaifu wake
Hiki ndicho kiini, kurasa nane hivi.
(a) Tafiti za dodoso la mara moja. Muuguzi anamaliza zamu ya usiku, anajaza ukurasa kuhusu bosi wake, anafunua wa pili kuhusu ari yake. Siku ile akiwa amechoka, kurasa zote mbili zitachoka. Onyo la Podsakoff na wenzake (2003) liingie hapa.
(b) Tafiti za shajara. Breevaart na wenzake (2014) waliwafuatilia wanafunzi 61 wa jeshi la majini kwa siku 34. Siku ambazo kiongozi alionyesha zaidi uongozi wa mageuzi, walijituma zaidi. Ni ushahidi bora, ingawa mjibuji bado ni yule yule.
(c) Van Knippenberg na Sitkin (2013): vipimo vya uongozi wa mageuzi huchanganya tabia ya kiongozi na matokeo yake. Ukosoaji huu naukubali, kwa hiyo nitapima matendo: kupanga zamu kwa haki, kutoa mrejesho, kusikiliza.

2.5 Mazingira ya Tanzania
Tathmini ya utendaji katika utumishi wa umma, kuanzia OPRAS. Swali: kiongozi wa wodi asiyeamua mshahara wala cheo ana nini mkononi cha kumpa muuguzi?

2.6 Pengo la utafiti
Matendo ya kiongozi yataripotiwa na wauguzi wa wodi nzima, na kujituma kutapimwa miezi mitatu baadaye kwa dodoso fupi la UWES lenye vipengele 9.