Mahojiano ya selimundu: napendekeza Jumamosi 13 Juni, saa nne asubuhi

Dada Rehema,

Habari za kazi. Ahsante kwa kunipigia Jumatatu, na zaidi kwa kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Niliwaeleza wazazi wenzangu kwenye kikundi yale tuliyozungumza, nao wameniruhusu niongee kwa niaba yao. Naandika ili tuwe na kitu kimoja mbele yetu, wewe na mimi, kabla hujafunga safari ya kuja Mbagala.

Napendekeza Jumamosi, 13 Juni 2026, kuanzia saa nne kamili asubuhi hadi saa tano kasoro robo, hapa hapa kwenye kibanda changu cha ushonaji. Siku hiyo mwanangu haendi shule, na kipindi chako cha tarehe 19, Siku ya Selimundu Duniani, kinabaki na siku za kutosha kuhaririwa. Kabla ya saa nne siwezi. Huu ni msimu wa kipupwe, na baridi ya asubuhi ndiyo inayomwamshia mwanangu maumivu ya mifupa. Namwacha ajifunike mpaka jua lipande. Fundi grili wa jirani amekubali kuzima mashine zake mpaka saa tano, kwa hiyo kinasa sauti chako hakitapata kelele zaidi ya bodaboda. Ukishuka Rangi Tatu nipigie, nitamtuma kijana akupokee.

Ikishindikana, tuweke akiba Jumapili 14 Juni, saa kumi jioni, mahali hapo hapo. Mtoto akiugua ghafla nitakutumia ujumbe wa sauti palepale, hata iwe usiku wa manane, usije ukahangaika na foleni ya Barabara ya Kilwa bure.

Kuhusu namna yenyewe, tulikubaliana hivi: ni mahojiano ya redio, ya kurekodiwa, si ya moja kwa moja hewani, na ni kwa Kiswahili. Utakuja wewe peke yako na kinasa sauti. Hakuna picha wala video, hata ya simu, hata ya mgongo wa mtoto. Mimi nitaongea dakika 30. Mwanangu, ambaye ana miaka 9 na amesema mwenyewe anataka kuongea, atapewa dakika zisizozidi tano, nami nikiwa nimekaa pembeni yake. Akisema amechoka, tunazima. Muda uliobaki ni wa kusalimiana na kupanga vifaa. Hewani mtoto asitajwe jina, wala jina la shule, wala mtaa. Na mimi usiniite Mama Khalfani. Khalfani ni kaka yake, ni mzima, na mtaani kote wanatujua kwa jina hilo. Niite katibu wa kikundi cha wazazi.

Najua masharti haya ni mengi. Miaka miwili iliyopita alikuja mwandishi mwingine, akaniomba dakika 20 za mazungumzo ya kawaida. Alikaa karibu saa mbili, na mwanangu akapigwa picha akiwa na dripu mkononi, macho ya manjano. Picha ilitoka na maneno kwamba ni mtoto anayesubiri kifo. Wenzake darasani waliiona. Wiki nzima alikataa kwenda shule, na usiku aliniuliza kama ni kweli anasubiri. Sitaki kumjibu swali hilo mara ya pili, dada yangu.

Sasa mada. Ningependa tuanze na kipimo cha mtoto mchanga, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini kwetu, na tone la damu la kisiginoni linatosha kuwatambua mapema. Wangu alitambuliwa akiwa na mwaka na miezi minne, baada ya vidole kuvimba mara tatu na kila mara kupewa dawa ya kitu kingine. Mtoto akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizi, na mama anafundishwa kushika bandama. Nitakuonyesha kwa mkono jinsi tunavyoishika, chini ya mbavu za kushoto. Ikikua ghafla na mtoto akapauka, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Naomba sehemu hii uipe nafasi kubwa kuliko zote.

Kisha maisha ya nyumbani. Kuna chupa ya maji ya lita moja na nusu niliyoichora mistari kwa kalamu nene: mstari wa saa nne, wa saa sita, wa saa nane. Anaibeba kila siku, na mwalimu wake anajua kwamba maji hayo yanamfanya aombe ruhusa ya kutoka mara nyingi. Kuna kipimajoto chini ya mto; ikifika nyuzi 38 na nusu hatusubiri kuche. Haya ni mambo madogo ambayo msikilizaji anaweza kuyafanya kesho yake.

Dawa ya haidroksiyurea tutaigusia, lakini kwa upande wa mzazi tu: jinsi siku za kulazwa zilivyopungua kwa mwanangu tangu aianze, na jinsi kuipata kila mwezi kunavyotupa wasiwasi wa fedha. Dozi sitaitaja hewani. Inapangwa kwa uzito wa mtoto na kufuatiliwa kwa vipimo vya damu, na mzazi mwingine akiisikia redioni akamkadiria mwanawe, tutakuwa tumemdhuru. Maswali ya kitabibu mpelekee daktari wa kliniki ya selimundu. Uchangiaji damu unitajie mwishoni hata kwa dakika mbili, kwa sababu mwanangu ameshaongezewa damu mara sita na hatumjui hata mmoja wa waliomtolea.

Suala la kurithi uliulize tu, tena naomba uliulize. Nataka wasikilizaji wasikie kwamba chembe za urithi zinatoka kwa baba na kwa mama, wote wawili, na wazazi wakiwa wabebaji kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mwenye selimundu. Wanawake wengi kwenye kikundi chetu wameachwa kwa kuambiwa wameleta ugonjwa ukooni. Ila ndoa yangu mimi usiiguse, na jina la hospitali iliyochelewa kumtambua sitalitaja. Lengo langu si kushtaki mtu.

Maswali yako naomba uniletee kabla ya Alhamisi jioni. Ukiongeza jingine papo hapo ndani ya mada hizi, nitajibu bila shida. Sikuombi nipitie kipindi chote. Hiyo ni kazi yako na naiheshimu. Nachoomba ni mambo mawili: unisikilizishe vile vipande vya mtoto kabla havijarushwa, na unisomee kwa simu tarakimu na maelezo ya ugonjwa tuhakikishe ziko sawa. Posho hatutaki, wala mtoto asiletewe zawadi mbele ya kinasa sauti.

Nijibu kufikia Jumatano 10 Juni, kwa neno moja tu kama muda na haya yote umeyakubali, au uniambie wazi ni lipi linakukwaza tulizungumze. Namba yangu unayo. Njoo na koti jepesi, kibanda kiko upande wa upepo.

Wako,
Mama Khalfani
Katibu, kikundi cha wazazi wa watoto wenye selimundu
Mbagala, Dar es Salaam
4 Juni 2026