Siku ya Soko Tengeru: Vitu Vitano, Shilingi 40,000

(Picha ya kwanza: kapu tupu juu ya meza. Pembeni mwa skrini: VIMEBAKI 5 · SH 40,000. Namba hizi zisiondoke mpaka mwisho.)

SAUTI: Leo ni Jumamosi, mojawapo ya siku mbili za soko hapa Tengeru, nyingine ni Jumatano. Nina shilingi 40,000 na vitu vitano vya kununua, na vyote vinaingia katika chungu kimoja. Jina la chakula sitalitaja. Vitu vinne vya kwanza vinaweza kupika mchuzi wa nyumba yoyote, lakini cha mwisho kikitua kwenye kapu, mtu wa Meru au wa Kilimanjaro atajua mara moja ninapika nini na ninampikia nani.

(Barabara ya Arusha–Moshi, daladala zinashusha watu, akina mama wanapanga mafungu juu ya viroba. Kamera isigeuke kushoto, kwa kuwa huko ndiko kilipo kitu cha mwisho.)

SAUTI: Nahesabu kurudi nyuma: cha tano ni vitunguu maji, fungu moja kwa shilingi elfu moja. Cha nne ni karoti, nazo ni elfu moja.

(VIMEBAKI 3 · SH 38,000)

SAUTI: Hapa kwenye pilipili tunapita bila kusimama. Kumbukeni kwamba nimezipita, maana ni dalili ya kwanza kuhusu mlaji.

(Mikono ya mama muuzaji inafungua jani la mgomba.)

SAUTI: Cha tatu ni siagi ya kienyeji. Mama huyu huiuza ikiwa imefungwa kwenye jani, na mtu anainusa kwanza kabla ya kuuliza bei, kwa sababu siagi iliyochacha huharibu chungu kizima. Hii ina harufu ya maziwa na moshi mdogo wa jikoni. Nimetoa 4,500.

(VIMEBAKI 2 · SH 33,500)

SAUTI: Cha pili ni nyama, na hapa ndipo pesa inapokwenda. Mwenye bucha amenionyesha steki nzuri isiyo na mfupa, nami nimeikataa, kwa sababu mlaji wangu anahitaji supu nzito, na uzito huo hutoka kwenye mifupa na uboho. Nimechukua kilo moja na nusu ya mbavu, kila kilo 11,000. Hii ni dalili ya pili: hakuna pilipili, na supu lazima iwe nzito.

(VIMEBAKI 1 · SH 17,000. Namba ya pesa igeuke nyekundu. Kamera inageuka kushoto polepole: mikungu ya ndizi imepangwa chini, mstari hadi mstari.)

SAUTI: Cha kwanza ni mkungu wa mshare. Ninapika mtori. Dada yangu amejifungua mtoto wa kike siku ya Jumatano, na huku kwetu mzazi hupewa mtori ili apate nguvu na maziwa yatoke vizuri. Nimechagua mshare kwa sababu ikiiva jikoni hulainika na kupondeka kwa mwiko mpaka ikawa uji mzito usio na mabonge.

(Picha ya karibu: kidole cha ndizi mkononi mwa muuzaji.)

SAUTI: Mama muuzaji amenifundisha kuitazama. Ndizi changa ina pembe kali ubavuni, na iliyokomaa hujaa na pembe zake hufifia. Amekata ncha ya kidole kimoja, utomvu ukadondoka, akaniambia nipake mafuta mikononi kabla ya kumenya, kwa kuwa utomvu ukishika nguo huacha doa jeusi lisilotoka.

(Sauti ya sokoni isikike yenyewe, bila muziki.)

MIMI: Shikamoo, mama. Mkungu huu ni kiasi gani?

MAMA: Marahaba, mwanangu. Elfu ishirini.

MIMI: Nipunguzie, mama yangu. Ni wa mzazi.

MAMA: Amejifungua nani?

MIMI: Dada yangu. Mtoto wa kike, ana siku tatu.

MAMA: Hongereni sana. Basi lete elfu kumi na sita, na umwambie ale mtori ungali wa moto.

(VIMEBAKI 0 · SH 1,000)

SAUTI: Elfu moja iliyobaki nimempa kijana wa mkokoteni, aliyeufikisha mkungu barabarani bila kuvunja hata kidole kimoja. Nauli nilikuwa nimeiweka kando tangu asubuhi.

(SH 0. Picha ya mwisho, nyumbani, jioni: bakuli la mtori linafuka mvuke, mkono wa dada unashika kijiko, na mtoto, ambaye uso wake hauonyeshwi, amelala kwenye khanga. Shikilia picha kwa sekunde kumi bila maneno.)