Alama za sababu katika maswali ya kisa

Wapendwa wanafunzi,

Nimemaliza kusahihisha zoezi la kijana wa miaka 16 aliyenunua pikipiki kwa mkopo. Wengi mmeandika: "Mkataba ni batili kwa mujibu wa kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345." Jibu ni sahihi, lakini limepata alama 8 tu kati ya 20, na wengine mmekuja ofisini mkiulizia.

Hoja ina alama 3, kifungu 3, hitimisho 2. Zilizobaki, 12, ni za sababu, yaani kuonyesha kifungu kinavyogusa ukweli wa kisa hiki. Kijana ana miaka 16, hajatimiza 18, hivyo hana uwezo wa kisheria kuingia mkataba. Muuzaji aliona kitambulisho chake cha shule. Je, hilo linabadilisha chochote? Hapo ndipo alama zilipo. Kunakili kifungu kizima hakukuongezei kitu.

Aliyefika hitimisho tofauti na langu akalijengea hoja kutoka kwenye kisa, nampa alama zake. Mmoja wenu amepata 16 hivyo.

Anayetaka kupitia karatasi yake aje Alhamisi saa nane mchana.