Tamko la maadili na ridhaa: Jaribio la mapigo ya moyo na muda wa mwitikio, kidato cha tano PCB, Mwanza

Ndugu mwanadarasa mwenzetu,

Sisi ni wanafunzi wanne wa darasa lako. Kwa mradi wetu wa baiolojia tunataka kujua jambo moja: moyo ukishaenda mbio kwa dakika tatu za zoezi, je, mkono nao unakamata upesi zaidi, unachelewa, au haubadiliki? Ili tujue, tunahitaji watu 20. Jaribio litafanyika Jumamosi tarehe 18 Aprili 2026, saa tatu asubuhi, kwenye baraza la maabara. Awali tulipanga iwe Machi, tukaahirisha kwa sababu ya mfungo wa Ramadhani. Asiyekunywa maji tangu alfajiri hafai kupandishwa benchi kwenye jua la Mwanza, na wala asilazimike kutueleza kwamba amefunga.

Tafadhali soma yote kabla ya kujibu. Kaa nayo nyumbani, mwulize unayemwamini.

Utakachofanyiwa

Utakaa kimya dakika tano, kisha utahesabu mapigo yako mwenyewe kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, nasi tutazidisha kwa mbili. Tumia kidole cha shahada na cha kati. Kidole gumba kina mapigo yake, ukikitumia utajihesabu mara mbili. Tumechagua sekunde 30 badala ya 15 kwa sababu ukikosea pigo moja ndani ya sekunde 15, kosa linakuwa mapigo manne kwa dakika.

Halafu rula. Mwenzako ataishika rula ya sentimita 30 wima, sifuri ikiwa katikati ya vidole vyako bila kuigusa, ataiachia bila kukuambia, nawe utaikamata. Umbali ilioanguka tunaugeuza kuwa muda kwa kanuni uliyoisoma kwenye fizikia, t = √(2d/g). Rula ikianguka sentimita 20, umetumia kama sekunde 0.20. Utafanya mara kumi, na mbili za mwanzo hazihesabiwi.

Kisha utapanda na kushuka benchi la sentimita 30 kwa dakika tatu, ukifuata mdundo wa simu unaopiga mara 96 kwa dakika: mguu juu, mguu juu, mguu chini, mguu chini. Ukimaliza, unahesabu mapigo papo hapo, unakamata rula tena mara kumi, unapumzika dakika tano, unahesabu mara ya mwisho. Kwa jumla ni kama dakika 30. Hakuna sindano, hakuna dawa, hakuna kahawa wala kinywaji cha kuongeza nguvu. Kundi moja lilitaka tuongeze jaribio la kahawa, tukakataa.

Hakuna atakayekushika mkono. Ukishindwa kuyapata mapigo yako, chagua mwenyewe wa kukusaidia, mvulana au msichana, kadiri unavyoona inafaa.

Kwa nini tumeandika yote haya kwa jaribio la rula

Mmoja wetu alipokuwa kidato cha tatu, katika shule nyingine, darasa zima lilihesabu mapigo na kuyaandika ubaoni, kila namba mbele ya jina. Msichana mmoja alikuwa na 112 akiwa amekaa tu. Mapigo ya kawaida ya mtu aliyetulia ni kati ya 60 na 100, kwa hiyo namba yake ilijitokeza. Wenzake wakacheka, wakampa jina, na jina likamfuata hadi njia ya kurudi nyumbani. Huenda alikuwa na homa, huenda damu yake ilikuwa pungufu, huenda alikuwa na hofu tu. Hakuna aliyeuliza. Mwenzetu huyu naye alicheka siku ile, na ndiye aliyeanza kuandika tamko hili.

Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zinaanza na ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa jaribio, na Azimio la Helsinki la mwaka 1964 likawaongoza madaktari kwenye njia hiyo hiyo. Zilizaliwa na ukatili mkubwa usiofanana na benchi letu. Lakini neno "hiari" lina uzito wake hata darasani, pengine zaidi, kwa sababu sisi tunakaa dawati moja. Mtu asiyekujua ni rahisi kumwambia hapana. Rafiki uliyeazimana naye daftari jana, ni vigumu.

Namna ya kukataa bila kujulikana

Kila mmoja kati ya wanafunzi 42 wa darasa, ukituondoa sisi wanne, amepewa karatasi hii pamoja na kadi mbili, moja ya NDIYO na nyingine ya HAPANA, zenye ukubwa na rangi moja. Andika jina lako kwenye kadi uliyoichagua, ikunje, uitumbukize kwenye sanduku lililoko kwa mwalimu wa malezi kabla ya Jumatano tarehe 15 Aprili. Ile nyingine ichane. Mwalimu wa malezi peke yake ndiye atakayezisoma. Hafundishi baiolojia, na hatatuambia ni wangapi wamekubali. Kutoka kwenye NDIYO atachagua watu wasiozidi 20 kwa kura.

Kwa hiyo siku ya jaribio, asiyepanda benchi anaweza kuwa alikataa, anaweza kuwa hakuangukiwa na kura. Wote watakuwa na kazi: kushika saa, kuachia rula, kuandika. Maji na ndizi ni vya kila atakayekuja. Hakuna maksi kwa kushiriki, na mwalimu wa baiolojia hatapewa orodha.

Ukishakubali, bado unaweza kuacha muda wowote, hata mguu ukiwa juu ya benchi. Neno "naacha" linatosha. Tumekubaliana sisi wanne kwamba yeyote kati yetu atakayeuliza "kwa nini?" atakuwa amevunja tamko hili.

Nani asipande benchi

Soma sehemu hii peke yako. Usipande ikiwa una pumu inayokusumbua kwa sasa, ugonjwa wa moyo, selimundu, mimba, goti au kifundo kilichoumia, au ikiwa umewahi kuzimia ukifanya mazoezi. Usipande pia kama una homa, au umetibiwa malaria au kichocho hivi karibuni na bado hujisikii sawa, maana magonjwa haya huweza kupunguza damu, na damu ikipungua moyo hulazimika kupiga haraka zaidi. Selimundu tumeitaja kwa makusudi. Kanda ya Ziwa ina wengi wenye ugonjwa huu, na zoezi zito pamoja na kukosa maji huweza kuwaletea maumivu makali.

Ikiwa mojawapo inakuhusu, tumbukiza HAPANA. Hutakiwi kumwambia yeyote ni ipi. Hatutatoa fomu ya kuuliza magonjwa yako, kwa kuwa hatuna haki ya kuyajua na hatuna kabati la kutosha kuyatunza.

Hatari, na tutakachofanya

Tunajua wengi wenu mnapanda ngazi za mawe za Mabatini kila jioni mkiwa na begi mgongoni, na dakika tatu za benchi zitaonekana mchezo. Hata hivyo unaweza kujikwaa, kuhisi kizunguzungu, au kukosa pumzi. Benchi litaegemezwa ukutani, kivulini, na mtu atasimama kila upande. Kila dakika tutakuomba utamke sentensi moja nzima. Ukishindwa kuimaliza bila kukatika pumzi, tunasimamisha. Maumivu ya kifua, kuona giza au kifua kupiga filimbi ni kusimama mara moja. Mwalimu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza atakuwepo tangu mwanzo hadi mtu wa mwisho atakapopumzika. Asipofika, jaribio halifanyiki.

Sisi si madaktari. Namba yako ikitushangaza, hatutashangaa mbele ya watu. Utapumzika na kuhesabu tena. Ikibaki vile vile, tutakuomba pembeni umwone mwalimu wa malezi, naye atakushauri kuhusu kwenda zahanati. Hatutaandika popote kwamba unaumwa.

Namba zako

Siku hiyo utachota kifuniko cha soda kutoka kwenye kopo. Ndani yake kuna namba, na hiyo ndiyo itakayoandikwa badala ya jina. Hatutumii namba za rejista kwa sababu kila mtu anazijua. Hatutaweka orodha ya nani alichota nini, kwa hiyo itunze: ukitaka matokeo yako yafutwe, tuletee namba hiyo kabla ya tarehe 30 Aprili, tutaikata mstari bila swali. Baada ya hapo wastani utakuwa umeshakokotolewa.

Hatuandiki kabila, dini, uzito wala mkono unaotumia. Wanaotumia mkono wa kushoto darasani ni watatu tu. Tukiandika "mashoto", tumeandika majina. Jinsia tutaitaja tu ikiwa kila upande una watu watano au zaidi. Hakuna picha, hakuna video, hakuna kutuma chochote kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na simu ya mdundo itawekwa kwenye hali ya ndege. Kadi zenye majina zitabaki kabatini kwa mwalimu wa malezi, na zitachomwa tarehe 30 Juni 2026. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na tunaona ni sawa daftari letu la mazoezi liziheshimu hivyo hivyo.

Matokeo yatasomwa mbele ya darasa kama wastani na grafu. Tukitaka kuyapeleka nje ya darasa, hata kwenye maonesho ya sayansi, tutakuja kuomba ridhaa upya.

Kwa mzazi au mlezi

Shikamoo mzazi. Mwanao akiwa chini ya miaka 18, ndiyo yake haitoshi bila yako, na yako haitoshi bila yake. Akikataa, tunakuomba usimshawishi. Kwa wenzetu waliopanga mjini huku wazazi wakiwa Ukerewe au visiwani, mwenye nyumba hawezi kusaini kwa niaba yenu. Mwalimu wa malezi atawapigia simu na kuwasomea karatasi hii yote. Kwa kuwa wiki hiyo ni giza la mwezi na walio kwenye dagaa hulala asubuhi, simu itapigwa saa kumi jioni. Usipopatikana, jibu ni hapana.

Mkuu wa shule na mwalimu wa baiolojia wamesoma tamko hili na kuruhusu jaribio. Ukiona tumelivunja, mwambie mwalimu wa malezi, si sisi.

Kauli ya ridhaa

Anayetumbukiza NDIYO anaandika maneno haya kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya kadi, anaweka sahihi na tarehe. Mwenye umri chini ya miaka 18, mzazi anasaini chini yake, au mwalimu wa malezi anaandika saa aliyozungumza naye:

"Nimesoma karatasi yote, au nimesomewa. Najua nitapanda benchi dakika tatu na kukamata rula. Nimesoma nani asipande, na hakuna kinachonihusu. Najua naweza kusema 'naacha' wakati wowote na sitaulizwa sababu. Nakubali kushiriki, na hakuna aliyenisukuma."