Kwa Rashidi, Arua

Rashidi ndugu yangu,

Mama yako ndiye aliyeniambia. Alisema tangu matokeo ya UACE yatoke umezima simu na unalala na karatasi ya matokeo chini ya mto. Nimeandika barua hii nimpe konda wa basi, maana simu huipokei.

Prinsipali moja, sabsidiari mbili. Inauma, na mimi pia imeniuma, maana nilishakutafutia chumba huku Kampala kabla hata hujafanya mtihani. Haraka zangu hizo. Kosa langu, si lako.

Lakini nimelifukua daftari lako la Historia uliloniachia Desemba. Angalia lile jaribio la moki. Swali liliuliza kwa nini mapatano ya Kongamano la Vienna la 1815 hayakudumu. Wewe umejaza kurasa tatu kueleza nani alihudhuria, Metternich alitaka nini, Urusi ilitaka nini. "Kwa nini hayakudumu" imepata mistari sita, tena mwandiko umeanza kukimbia. Swali la nne hukuligusa kabisa. Rashidi, historia unaijua. Unachokosa ni kusoma swali hadi mwisho na kuangalia saa. Hilo linarekebishika, tena bila kukaa tena darasani miaka miwili.

Jiografia sitakudanganya, pale hukusoma. Mwezi mzima wa Septemba ulikuwa kwenye boda ya mjomba wako, na najua kwa nini: ada ya dada yako. Sikulaumu, ila tusijifanye hatujui.

Kuna njia mbili ninazoziona. Ya kwanza, ujiandikishe kama mtahiniwa binafsi kwenye kituo kinachokubaliwa na UNEB, urudie mwaka huu huu. Usajili haungoji mtu amalize huzuni, kwa hiyo ulizia wiki hii. Ya pili, kwa matokeo hayohayo uombe diploma. Prinsipali moja na sabsidiari mbili zinafungua milango kadhaa, na diploma ikiwa nzuri unaweza kuomba digrii baadaye. Mimi binafsi ningerudia, kwa sababu ya hilo daftari. Lakini mwenye kulipa na kukesha ni wewe.

Mjomba akikuambia uje uendeshe boda moja kwa moja, usimjibu kwanza. Mwambie unamsubiri mgeni.

Ijumaa nachukua basi la usiku. Nikivuka Karuma nitakubipu, kwa hiyo washa simu, hata kama ni kwa usiku huo tu. Pakwach nitanunua samaki, mwambie mama asipike. Jumamosi asubuhi tukae pale kibandani kwa muuza chapati, nitakuja na saa ya ukutani, wewe uje na kalamu. Utanijibu lile swali la Vienna kwa dakika arobaini na tano, si zaidi.

Ukimaliza kabla ya chai kupoa, chai nalipa mimi.

Wako,
Swalehe