TANGAZO: MAOMBI YA JUMATANO YANAHAMIA ASUBUHI

Kadutu, Bukavu, Jumapili tarehe 31 mwezi wa tano
La kusomwa katika ibada zote mbili na kubandikwa mlangoni

Wapendwa mababa na wamama, vijana na watoto, Bwana asifiwe!

Kuanzia Jumatano hii, tarehe 3 mwezi wa sita, maombi yetu ya kila juma hayatafanyika tena jioni. Yatakuwa asubuhi, saa kumi na mbili na robo hadi saa moja na robo. Wanaohesabu saa kwa Kifaransa waandike 6h15 hadi 7h15, asije mtu akafika adhuhuri akakuta mafundi na vumbi. Mahali ni palepale kanisani, upande wa kuume. Mtaingia kwa mlango mdogo wa upande wa mtaro, kwa kuwa mlango mkubwa umezibwa na mbao.

Kazi yenyewe ya kutengeneza ukuta na paa la kanisa mnaifahamu, ila si wote waliokwenda nyuma ya mimbari kujionea. Ule ufa wa ukutani ulitokana na tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili 2008, asubuhi ya Jumapili. Wakati ule tuliupiga plasta na rangi, tukadhani yamekwisha. Mwezi wa tatu mwaka huu fundi mkuu alibandika kipande cha kioo juu ya ufa, akakikaza kwa simenti pande zote mbili. Wiki tatu hazijatimia, kioo kikapasuka katikati. Maana yake ukuta bado unatembea. Plasta ilipotolewa, shemasi mmoja alipenyeza vidole vyake vinne ndani hadi kwenye kifundo. Juu, upande wa wakwaya, mchwa wamekula mbao za paa. Ukizigusa kwa bisibisi zinamwagika kama unga. Hatukuweza kuwaacha watu waketi chini ya mbao zile msimu mwingine wa mvua.

Kwa hiyo kazi inafanywa sasa, kiangazi, na imepangwa kumalizika kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Mafundi wanaanza saa mbili asubuhi na kuacha saa kumi na moja jioni. Wakiondoka wanaacha mabati yamelegezwa na misumari chini, na umeme umekatwa ndani kwa sababu ya usalama. Saa kumi na mbili jioni giza linaanza kuingia. Baraza la wazee lilitazama kila njia, likaona asubuhi ndiyo saa pekee yenye mwanga na utulivu. Maombi ya mwisho ya asubuhi yatakuwa tarehe 26 mwezi wa nane. Kazi ikichelewa, mtaambiwa hapa hapa ibadani.

Tunajua badiliko hili linawaelemea baadhi yenu. Mama anayeteremka soko la Kadutu alfajiri ataweza kupita kuomba kwanza, lakini mama mwenye watoto wa kuandaa kwenda shule atabanwa, na tunasikitika kwa hilo. Aliyebanwa asijione amekosa. Viongozi wa avenyu wameombwa kufungua maombi ya nyumbani Jumatano jioni, saa kumi na moja. Muulizeni kiongozi wa avenyu yenu ni kwa nani. Wagonjwa na wazee wasiopanda mlima watembelewe huko huko majumbani, kama kawaida.

Jambo moja tunalisisitiza kwa moyo wote: mtu asitoke nyumbani peke yake kungali giza. Kengele itagongwa saa kumi na mbili kamili, kukiwa kunapambazuka. Ngojeni kengele, itaneni na jirani, mje pamoja. Atakayechelewa atapokelewa vizuri. Afadhali uchelewe kuliko kupatwa na shida njiani.

Watoto wasivuke kamba nyekundu. Chini ya jukwaa la mafundi kuna misumari yenye kutu, na wiki iliyopita mtoto mmoja alikanyaga mmoja akiwa na sandali. Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Ibada za Jumapili hazibadiliki: ya kwanza saa moja, ya pili saa nne. Mafundi hawafanyi kazi siku hiyo. Kwaya itakaa uwanjani chini ya turubai.

Kuhusu mabati: tulihitaji 96, yamepatikana 71. Waliobaki na ahadi wamwone mweka hazina baada ya ibada. Asiye na bati ana mikono: Jumamosi saa mbili vijana na wababa tunabeba mchanga kutoka barabarani, maana gari haliwezi kushuka mpaka hapa. Njooni na ndoo au mfuko, na viatu vigumu.

Kwa niaba ya Mchungaji na Baraza la Wazee,
Katibu wa Kanisa